Fungu la Chombo

Msemo wa mzaha unaozunguka barazani katika pwani yetu ya Kusini unasema kwamba cha mume ni cha nyumba, na cha mke ni cha mke. Wanaume huusema kwa uchungu uliofunikwa na kicheko, nao wanawake huusikia na kunyamaza, kwa sababu wanajua kwamba nusu ya msemo huo ni kweli na nusu nyingine ni uongo. Katika makala haya nataka kuuchukua mzaha huo kwa uzito na kuuliza swali moja tu: mume na mke ambao vipato vyao vimepishana sana, mmoja akipata mara tatu ya mwenzake, watachangiaje nyumba yao ili pasiwepo anayeonewa?

Swali hili si la wenye mali peke yao. Hapa Kiswere, kijiji kilichokaa kando ya ghuba kati ya Kilwa Masoko na Lindi, zamani nyumba nyingi hazikuwa nalo. Mume alivua, mke alilima na kuokota chaza, na wote wawili walikuwa na kidogo. Leo mambo yamebadilika. Utakuta mke ni mwalimu au muuguzi na mshahara wake huingia kila mwisho wa mwezi, ilhali mume wake ni mvuvi ambaye mapato yake hufuata mwezi wa angani na upepo. Utakuta pia mume mwenye ekari kumi za ufuta ambaye hupokea fedha zake mara moja kwa mwaka, na mke wake anauza vitumbua kila asubuhi. Hawa hawakupishana kwa kiasi tu. Wamepishana kwa majira pia, na kupishana kwa majira ndiko huleta ugomvi ambao wenyewe huudhani ni wa tabia.

Kwanza tuangalie njia ambazo watu huzitumia, maana kila moja ina hoja yake.

Njia ya kwanza ni ile ya kugawana sawa kwa sawa: nyumba ikihitaji shilingi 480,000 kwa mwezi, kila mmoja atoe 240,000. Njia hii ina sura ya haki, na vijana waliosoma huipenda. Lakini mwenye kipato cha 200,000 hawezi kutoa 240,000, hata akiacha kula. Usawa wa namna hii ni kama kumwambia mtoto wa darasa la kwanza na yule wa darasa la saba wabebe ndoo zilizo sawa kutoka kisimani. Ndoo ni sawa, lakini mabega si sawa.

Njia ya pili ni kutia kila kitu katika chungu kimoja, pasiwe na changu wala chako. Nimeona nyumba chache zilizofaulu kwa njia hii, na ninaziheshimu. Hata hivyo njia hii inasahau kwamba mume na mke wa kwetu hawajazaliwa na nyumba yao. Kila mmoja ana mama yake, ana wadogo zake, na katika makabila mengi ya Kusini, ambayo kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, mwanamume ana wajibu kwa watoto wa dada yake karibu sawa na wajibu alio nao kwa wanawe. Mtu akilazimika kuomba ruhusa kila anapotaka kumpelekea mama yake kilo ya sukari, ataanza kuficha. Na mahali fedha zinapofichwa, hakuna kanuni yoyote ya kugawana itakayosimama.

Njia ya tatu ndiyo inayotumika zaidi hapa kwetu, na ndiyo ninayotaka kuikalia, kwa sababu ubaya wake hauonekani haraka. Ni ile ya kugawana vitu badala ya kugawana fedha. Mume anasema, “Mimi nitalisha, nitavisha, nitatibu.” Mke anasema, “Basi mimi nitaweka akiba, tununue kiwanja, tujenge.” Inapendeza masikioni. Inaafikiana hata na mafundisho ya dini ya walio wengi hapa, kwamba kulisha ni wajibu wa mume na mali ya mke ni yake mwenyewe. Na mwaka wa kwanza na wa pili hakuna anayelalamika.

Ubaya wake ni huu: mmoja ananunua kinacholiwa na mwingine ananunua kinachobaki. Unga huisha, samaki huliwa, sare ya shule huchakaa, dawa humezwa. Bati halimezwi. Baada ya miaka kumi wote wawili wametoa jasho, lakini mmoja ana hati mkononi na mwingine ana kumbukumbu tu za sahani zilizooshwa. Na kumbukumbu hazina risiti.

Walinijia wanandoa wawili wa namna hiyo, kwa kuwa mke niliwahi kumfundisha. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa na watoto watatu. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya makato yote alikuwa akibakiwa na shilingi 600,000 kwa mwezi. Mume ni mvuvi wa pweza na samaki wa mwambani. Kwa miaka yote tisa mume alilisha na kuvisha, na mke alinunua kiwanja Kilwa Masoko kwa jina lake, akafyatua matofali na kununua saruji kidogo kidogo. Ugomvi ulianza siku mume alipoomba msaada wa kununua mashine ya boti, naye mke akajibu kwamba fedha zile ni za nyumba yake.

“Mwalimu,” mume akaniambia, “yeye ana nyumba. Mimi miaka tisa nimejenga nini?”

Mke naye hakuwa mkorofi. Akasema kwa sauti ya chini, “Shikamoo yako naipokea kwa watoto wetu, baba, lakini Mwalimu ajue. Wenzangu wawili nimewaona. Walijenga na waume zao, halafu akaletwa bibi mwingine ndani ya nyumba ile ile, wao wakatoka na masanduku.”

Msomaji ataona kwamba hapo hakuna mwongo. Kila mmoja ana hofu ya kweli. Mume anaogopa kuzeeka bila kitu, na mke anaogopa kufukuzwa katika jasho lake. Kanuni ya fedha isiyojibu hofu hizo mbili haifai, hata ikiwa hesabu zake ni safi.

Na sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba ndoa hugeuza mali ya mmoja kuwa ya wote. Kifungu cha 60 kinaeleza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ile iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa ndani yake, nayo pia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu zaidi, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kukabidhiwa na mumewe alizitumia vibaya, lakini neno lile lilibaki na limewafaa wengi baada yake.

Angalia basi hali ya huyu mvuvi wetu. Jina lake halimo katika kiwanja. Angeweza kudai kwamba kulisha kwake ndiko kulikouachia mshahara wa mke nafasi ya kununua saruji, na dai hilo lina akili. Lakini angelithibitishaje? Nani huweka risiti ya mchicha? Na kwa upande wa pili wako wanawake wengi zaidi katika hali hiyo hiyo. Ufuta wetu na korosho zetu siku hizi huuzwa kwa mnada kupitia chama cha msingi cha ushirika, na malipo huingia katika akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Aghalabu aliyeandikishwa ni mume. Mke amepanda, amepalilia, amekata na kusimamisha matita, na siku ya fedha simu inayolia si yake. Jina moja katika daftari la chama linaweza kumeza kazi ya mikono minne.

Niliwauliza wanandoa wale swali ambalo mume alilijua jibu lake kuliko mimi. Chombo kikirudi na samaki, mnagawanaje?

Alinieleza, nami namweleza msomaji asiye wa pwani. Kwanza kila mtu huchukua kitoweo cha kupeleka nyumbani. Samaki waliobaki huuzwa. Katika fedha zile hutolewa gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hukatwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kisha mabaharia wanapata mafungu yao. Hakuna baharia anayeuliza kwa nini chombo kilipwe ilhali hakina tumbo. Anajua kwamba chombo kisipolipwa hakitapigwa kalafati, na kisipopigwa kalafati siku moja kitawazamisha wote. Anajua pia kwamba fungu la chombo hutoka kila safari, kubwa siku ya samaki wengi, dogo siku ya samaki wachache. Hakuna anayekiambia chombo, “Mwezi huu utalipwa 100,000, bahari ichafuke isichafuke.”

Nikawaambia, basi nyumba yenu ndiyo chombo. Ipeni fungu lake kwanza, litoke katika kila pato la kila mmoja, na liwe fungu, lisiwe kiasi.

Tukachukua karatasi. Mshahara wa mke ni 600,000. Kwa mume ilibidi tufanye kazi zaidi, maana mvuvi ukimuuliza anapata kiasi gani atakutajia ama siku yake bora ama siku yake mbaya. Tulihesabu mwaka mzima. Kwanza tuliondoa gharama za kazi yake, yaani mishipi, ndoana, mafuta na matengenezo, kwa sababu fedha inayonunua ndoana si pato, ni mbegu. Kilichobaki kilikuwa hivi: miezi 4 ya kusi kali, bahari inapochafuka, alipata wastani wa 60,000 kwa mwezi, miezi 8 mingine alipata wastani wa 270,000. Jumla yake kwa mwaka ni 2,400,000, sawa na 200,000 kwa mwezi. Mke basi anapata mara tatu ya mume.

Mahitaji ya nyumba yalikuwa 360,000 kwa mwezi, na walitaka kuweka akiba ya 120,000. Jumla ni 480,000. Vipato vyao pamoja ni 800,000. Ukigawanya utaona kwamba nyumba inahitaji mafungu matatu katika kila matano. Ndiyo kusema katika kila 10,000 inayoingia, iwe ya chaki au ya pweza, 6,000 ni ya nyumba na 4,000 ni ya aliyeipata. Mke atatoa 360,000 na kubaki na 240,000. Mume atatoa wastani wa 120,000 na kubaki na 80,000.

Hapo kila mmoja alikuwa na neno. Mke alisema, “Natoa mara tatu.” Mume alisema, “Anabaki na mara tatu.” Nikawaambia kwamba malalamiko hayo mawili yana uzito sawa, na hiyo ni dalili kwamba mzani uko karibu na katikati. Lau mmoja wao angekuwa kimya na kuridhika kabisa, ningeshuku hesabu.

Lakini wastani haupikiki. Mwezi wa Julai, kusi linapovuma, mume huleta 60,000, na fungu la nyumba hapo ni 36,000 tu. Pamoja na la mke, nyumba inapata 396,000, upungufu wa 84,000. Zamani upungufu huo ndio uliokuwa ukizaa maneno: mke alidhani mume amekuwa mvivu, mume alidhani mke anamhesabia. Tazama sasa miezi minane ya neema. Mume hutoa 162,000, nyumba hupata 522,000, na ziada ni 42,000 kila mwezi. Miezi 8 mara 42,000 ni 336,000. Miezi 4 mara 84,000 ni 336,000. Ziada ya kaskazi inaziba pengo la kusi bila kubaki wala kupungua, ila kwa sharti kwamba ziada ile isiguswe ilipoingia. Kwa kawaida huguswa, kwa sababu haina jina. Wakaipa jina, wakaiita akiba ya kusi, nayo hukaa mbali na akiba ya ujenzi.

Palibaki jambo moja. Katika mwezi wa kusi mume angebakiwa na 24,000 mfukoni kwa siku thelathini. Mtu mzima anayeshindwa hata kuchangia sanda ya jirani huinamisha kichwa barazani, na mwenye kuinamisha kichwa hukopa kwa siri. Wakakubaliana kwamba yeyote asibakiwe na chini ya 40,000. Maana yake ni kwamba miezi ya kusi mume atatoa 20,000 badala ya 36,000, na pengo la 64,000 kwa mwaka walilikata katika akiba ya ujenzi. Uwiano ni mzuri, lakini unahitaji sakafu, la sivyo unamponda aliye chini hata kama unamtoza sehemu ile ile anayotozwa aliye juu.

Sasa tuje kwenye kile kinacholiwa na kile kinachobaki. Maadamu fungu la nyumba limekuwa moja, unga na saruji hutoka mahali pamoja. Samaki wa mume amenunua robo moja ya kila mfuko wa saruji ambao mshahara wa mke umenunua robo tatu, au vyovyote itakavyokuwa, lakini hakuna tena mlishaji na mjengaji. Kwa sababu hiyo niliwashauri kwamba kinachonunuliwa na fungu la nyumba kiandikwe majina mawili, na kinachonunuliwa na fungu la mtu binafsi kiandikwe jina lake bila maswali. Mke akitaka kuku wa mayai kwa 240,000 yake, ni kuku wake. Mume akijiwekea ya mashine, ni mashine yake, na kama wataitaka iwe ya nyumba, basi iingie katika malengo ya nyumba.

Malengo yenyewe hayakupatikana kwa kuzungumza. Nilimpa kila mmoja karatasi yake, aandike pembeni mambo matatu, bei ya kila moja, na mwaka anaoutaka. Niliona darasani kwamba wanafunzi wakijibu kwa sauti, wa pili hurudia jibu la wa kwanza. Na katika ndoa anayesema kwanza mara nyingi ni yule mwenye fedha. Karatasi zilipofunguliwa, mke aliandika kupaua nyumba, mahitaji ya bweni ya mtoto wa kwanza, na cherehani. Mume aliandika mashine, bweni la mtoto, na kupaua. Mambo mawili kati ya matatu yalikuwa yale yale! Miaka tisa walikuwa wakigombana juu ya lile la tatu. Wakaanza na bweni, kwa sababu lina tarehe isiyosogea. Ada ya sekondari ya serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022, lakini godoro, sare na nauli havikufutwa. Kisha bati. Mashine ikawa ya tatu, ikiwa na bei yake na mwaka wake, na mume akaridhika kusubiri kitu kilichoandikwa kuliko kukataliwa kitu kisichoandikwa.

Kugawana kazi ya kuweka akiba nako kuna haki yake. Mwenye mshahara asiwe ndiye mtunza fedha, na mwandishi, na mwamuzi, kwa sababu tu fedha nyingi zinatoka kwake. Tuliazima utaratibu wa vikoba, ambako sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayeandika si yule anayeshika. Mke akachukua jukumu la kupeleka fedha, kwa kuwa hukaa karibu na wakala wa benki. Mume akashika daftari na kuliandika kila Ijumaa. Akaunti ikafunguliwa kwa majina mawili, fedha zisitoke bila saini zote mbili. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari linalosomwa na mmoja tu ni kama halipo.

Kuna anayeuliza: je, mke Mwislamu akiingia katika utaratibu huu, hatumwondolei haki aliyopewa? Ni swali zuri, na jibu limo katika neno ridhaa. Wajibu wa mume wa kulisha haufutwi na kipato cha mke, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwamuru mke atoe mafungu matatu katika matano. Lakini akiamua mwenyewe kutoa, hakatazwi. Katika mapokeo ya Hadithi kuna habari za Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, mwanamke aliyekuwa na uwezo kuliko mume wake, ambaye aliulizia kama anaweza kumpa sadaka mumewe, akajibiwa kwamba atapata thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Naona mambo mawili hapo: kwamba hali hii si ngeni wala si aibu, na kwamba yule mama aliuliza, akajua anachokitoa ni nini. Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Mke hutoa fedha bila kusema kama ni zawadi, mkopo au ubia, na siku ya ugomvi yeye huita mkopo na mume huita zawadi. Neno lisemwe siku ya kutoa, na liandikwe.

Utaratibu huu una mipaka, nami sitaki kuuuza kama dawa ya kila homa. Haufai mahali ambapo mmoja ana ugonjwa wa kamari au ulevi, maana hapo chungu kimoja ni mlango uliofunguliwa. Afadhali fungu la nyumba lilipwe moja kwa moja dukani na shuleni. Haufai anapokuwepo anayepigwa au kutishwa, kwa kuwa ridhaa yake si ridhaa. Mume mwenye nyumba mbili ni lazima ahesabu upya, kwa sababu fungu lake linakwenda kwenye vyombo viwili, na kila mke ana haki ya kujua hivyo kabla ya kutoa lake. Na mafungu yenyewe yasiachwe yaote mizizi: mshahara ukipanda, mtoto akizaliwa, au mmoja akiugua, karatasi irudi mezani. Aliyeugua au aliyejifungua hupunguza fedha, hapunguzi uanachama.

Unawezaje kujua kwamba utaratibu umeanza kuoza? Usingoje daftari liwe tupu. Dalili ya kwanza ni daftari kuandikwa kwa wiki tatu mara moja, kwa wino mmoja. Ya pili ni mmoja kuanza kununua kwa mkopo dukani vitu vya nyumba bila mwenzake kujua. Ya tatu ni maneno kubadilika: “nyumba yetu” ikawa tena “nyumba yangu”. Hapa pwani samaki huuzwa ufukweni, kijiji kizima kikiona, lakini mshahara huingia ndani ya simu na hakuna anayeuona. Kwa hiyo mwenye pato lililofichika ndiye anayepaswa kulionyesha kwanza. Mke yule mwalimu aliliweka karatasi la mshahara mezani kabla hajaombwa, na kwa maoni yangu tendo lile liliwasaidia kuliko hesabu zangu zote.

Na kile kiwanja? Sikuwaambia wakiandike upya. Kilinunuliwa chini ya makubaliano ya zamani, na si haki kubadilisha kanuni za mchezo baada ya bao kufungwa. Nilisema tu kwamba bati na saruji zitakazowekwa juu yake kuanzia siku ile ni za wote wawili, na kwamba nyumba ya watu wawili juu ya ardhi ya mtu mmoja ni kesi inayosubiri hakimu. Waliondoka nalo. Baada ya mwaka mmoja wa daftari walikwenda wenyewe, wakaongeza jina la pili. Mke hakusema amefanya hivyo kwa huruma. Alisema ameona, kwa hesabu, kwamba katika miezi ile kumi na miwili hakuna mwezi ambao fungu la samaki halikufika, hata lilipokuwa 20,000.

Ndiyo maana nakataa mzaha wa barazani. Mvuvi mwenye samaki wawili na mwenye samaki ishirini wote hukatwa fungu la chombo, na hakuna kati yao anayehesabiwa kuwa amepanda bure.